Babu wa Mbwa Haonekani Pichani

Mtu akipiga picha ya mbwa wake chotara na kuuliza ametokana na mbwa gani, majibu huja haraka. Manyoya meusi yanayong'aa na masikio yaliyolala: huyo ana Labrado. Masikio yaliyosimama, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya udongo: huyo ni mtoto wa Jemani Shepadi. Singa ndefu na mkia uliojikunja mgongoni: hapo kuna Spitzi. Wanaojibu hivyo wameshika mambo mawili, manyoya na masikio, kwa kuwa ndiyo yanayovuta jicho kwanza. Nami nasema hao ndio mashahidi dhaifu kuliko wote. Ili jambo hili lieleweke, tuwatazame mbwa ambao babu na bibi zao walijulikana mmoja mmoja, pasipo kubahatisha.

Mbwa hao walizaliwa Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine, Marekani. Huko, kwenye Maabara ya Jackson, watafiti John Paul Scott na John Fuller walifuga mbwa kwa miaka mingi wakichunguza jinsi urithi unavyoathiri tabia, na matokeo yao wakayachapisha katika kitabu mwaka 1965. Walifuga aina tano, kisha wakachagua mbili za kupandishana: Basenji na Koka Spanieli. Basenji ni mbwa wa Kongo, mwindaji wa msituni, aliyeanza kuzalishwa Uingereza miaka ya 1930. Manyoya yake ni mafupi, masikio yamesimama wima, mkia umejikunja juu ya nyonga, na ni nadra kubweka. Koka ni kinyume chake karibu kwa kila kitu: singa ndefu na laini, masikio mapana yanayoning'inia hadi mashavuni, mkia usiojikunja. Ukitaka mbwa wawili wasiofanana, hutapata jozi bora zaidi ya hiyo.

Watafiti walipandisha Basenji na Koka, wakapata kizazi cha kwanza cha machotara. Kisha wakapandisha machotara wenyewe kwa wenyewe, wakapata kizazi cha pili. Kila mbwa wa kizazi hicho cha pili ana Basenji wawili na Koka wawili miongoni mwa babu na bibi zake wanne. Urithi wake ni nusu kwa nusu, ukizidi kidogo upande mmoja au mwingine. Lakini wakikaa pamoja hawafanani hata kidogo. Yupo mwenye singa na yupo mwenye manyoya mafupi, masikio ya huyu si ya yule, na rangi zao ni mbalimbali. Mtu asiyejua habari zao akioneshwa picha, atataja aina nyingi za mbwa, na huenda Basenji na Koka wasitajwe kabisa.

Scott na Fuller hawakuwa na njia ya kuziona jeni zenyewe. Sisi tunayo, kwa hiyo tunaweza kueleza kilichotokea ndani ya mbwa hao. Tuanze na urefu wa manyoya. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza zaidi ya mbwa elfu moja wa aina themanini walionyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa zinatokana na jeni tatu tu. Moja, FGF5, huamua urefu. Ya pili, RSPO2, huleta ndevu na nyusi nene kama za Shinauza. Ya tatu, KRT71, hukunja nywele kuwa mawimbi au vipilipili. Ukizichanganya hizo tatu kwa namna mbalimbali unapata karibu kila vazi la manyoya unaloliona kwa mbwa wa kizungu, kuanzia Bigo hadi Pudo. Mbwa ana jeni zipatazo elfu ishirini. Unapotazama manyoya, basi, unasoma jeni tatu kati ya elfu ishirini.

Tukae na FGF5 peke yake. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya manyoya mafupi hutawala. Ya singa hujificha, wala haionekani mpaka mbwa apate mbili. Basenji ana mbili za manyoya mafupi, Koka ana mbili za singa. Watoto wao wa kwanza hupata moja moja, kwa hiyo wote wana manyoya mafupi. Ukimpiga picha mmoja wao, Koka ametoweka pichani, ingawa ni nusu nzima ya mbwa huyo. Wakipandishwa wao kwa wao, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hupata nakala mbili za singa. Huyo ndiye watu watakayemwita Koka. Sasa mtazame vizuri: kilichothibitika ni kwamba kipande kidogo cha kromosomu yake ya 32, pale jeni hiyo ilipo, kimetoka kwa Koka pande zote mbili. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu. Jozi nyingine zote zimegawanywa bila kuhusika na urefu wa nywele, na kwa wastani ni nusu Basenji. Ndugu yake mwenye manyoya mafupi anaweza kabisa kuwa na urithi mwingi zaidi wa Koka kuliko yeye.

Rangi hudanganya zaidi, na hapa nitatoa mfano ambao huwashangaza hata wafugaji. Chukua Basenji mwekundu na Koka wa rangi ya manjano hafifu, rangi ya kawaida kwa mbwa hao. Wote wawili hawana unywele mweusi wa maana mwilini. Hata hivyo watoto wao wanaweza kuzaliwa weusi watupu, wote. Sababu ni kwamba wekundu wa Basenji na umanjano wa Koka hautoki mahali pamoja. Koka wa manjano mara nyingi amebeba jeni ya weusi inayotawala, lakini jeni nyingine, MC1R, imeharibika kwake katika nakala zote mbili, na bila hiyo manyoya hayawezi kutengeneza weusi. Pua yake hubaki nyeusi, manyoya hayawezi. Basenji naye ana MC1R nzima, ila hana jeni ya weusi inayotawala. Mtoto hupata MC1R nzima kutoka kwa mmoja na weusi kutoka kwa mwingine, vikakutana, naye akawa mweusi. Katika kizazi kinachofuata, kwa wastani kati ya watoto 16 utapata weusi tisa, wekundu watatu na wa manjano wanne.

Sasa unganisha mambo hayo. Urefu wa nywele uko kwenye kromosomu moja, rangi ziko kwenye nyingine, masikio kwenye nyingine tena, na kila kimoja huenda njia yake wakati wa kurithiwa. Katika wajukuu wa Basenji na Koka anaweza kutokea mweusi mwenye singa, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Mtumie rafiki picha hiyo naye atakwambia ni Spitzi, na atakuwa na haki ya kusema hivyo kwa alichokiona. Lakini hakuna Spitzi hata mmoja katika ukoo mzima. Mweusi mwingine, mwenye manyoya mafupi na masikio yaliyolala, ataitwa mchanganyiko wa Labrado. Labrado naye hakuwahi kukanyaga zizi hilo.

Masikio yana udhaifu wao, na mara nyingi watu huyaamini kuliko manyoya. Kuna sehemu moja ya kromosomu ya 10, karibu na jeni MSRB3, yenye uwezo mkubwa wa kuamua kama sikio litasimama au litalala. Katika sehemu hiyohiyo kuna jeni nyingine inayohusika na ukubwa wa mwili. Kwa hiyo sikio nalo linatangaza kipande kidogo cha urithi. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba sikio lililosimama ni umbo la kale. Mbwamwitu analo, Basenji analo, Jemani Shepadi analo, Haski analo, Chihuahua analo, na mbwa wengi wa vijijini duniani kote wanalo. Kitu walichonacho wengi tangu zamani hakiwezi kuthibitisha kwamba wawili kati yao ni ndugu.

Mfano mzuri ni mbwa aitwaye Farao Haundi. Mwembamba, mwekundu, masikio makubwa yaliyosimama: ukimweka kando ya michoro ya mbwa katika makaburi ya kale ya Misri, utaapa kwamba ni kizazi chao. Hata jina lake limetokana na imani hiyo. Mbwa huyu ametoka kisiwa cha Malta. Adam Boyko wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walipolinganisha vinasaba vyake na vya mbwa wa asili wa Afrika, mwaka 2009, hakuwa upande wa Waafrika. Urithi wake kwa sehemu kubwa si wa bara hili. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Rodeshia Rijibaki, mbwa mwenye mstari wa nywele zinazoota kinyume mgongoni, ambaye jina na sura yake ni vya kusini mwa Afrika. Basenji peke yake, katika hao watatu, aliungana na mbwa wa vijijini wa Afrika.

Zaidi ya hayo, sikio hubadilika kwa umri na kwa hali. Kitoto cha Jemani Shepadi huzaliwa na masikio yaliyolala, yakasimama miezi kadhaa baadaye, na meno yanapobadilika yanaweza kulegea tena kwa muda. Mbwa mwenye hofu hulaza masikio nyuma, naye akipigwa picha wakati huo atahesabiwa kuwa na masikio ya aina nyingine. Sikio lililowahi kuumwa au kuvimba damu huweza kubaki limekunjamana maisha yote. Jambo la mwisho ni kamera. Ukimsogelea mbwa uso kwa uso kwa simu, mdomo hurefuka, kichwa huonekana kikubwa, masikio hurudi nyuma na kupungua. Mbwa huyohuyo akipigwa kwa mbali ana uso mwingine.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni matatizo ya watu wasio na uzoefu. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2013, Victoria Voith na wenzake huko California walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao watu 923, wote wanaofanya kazi zinazohusu mbwa, walioneshwa video fupi za mbwa 20 na kuombwa wataje aina. Majibu yalilinganishwa na vinasaba. Kwa mbwa 14 kati ya hao 20, chini ya nusu ya watu ndio waliotaja aina iliyolingana na kipimo. Kuhusu aina iliyotawala katika urithi, zaidi ya nusu ya watu walikubaliana kwa mbwa saba tu, na katika hao saba watatu walikuwa wamekubaliana juu ya jibu lisilolingana na vinasaba. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito. Tumezoea kudhani kwamba wengi wakisema kitu kimoja basi wamekiona. Kumbe wamedanganywa na ishara moja.

Makosa hayo yana gharama. Huko Florida, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wafanyakazi wa vituo vinne vya kutunza mbwa waliotelekezwa, wakiwemo madaktari wa mifugo, walitakiwa kuwataja mbwa 120. Kilichotazamwa ni jamii ya pitibuli, mbwa wanaozuiwa kisheria katika miji na nyumba nyingi za kupanga. Mbwa mmoja kati ya watano waliokuwa na urithi huo hakutambuliwa na mfanyakazi yeyote. Na katika wale wasiokuwa nao kabisa, mmoja kati ya watatu aliitwa pitibuli na angalau mfanyakazi mmoja. Mbwa anayeandikwa hivyo hukosa wa kumchukua. Kichwa kipana na manyoya mafupi tu ndivyo vilivyomponza.

Turudi kwetu, maana hapa kuna kosa la aina yake. Boyko na wenzake walikusanya damu za mamia ya mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Katika sehemu nyingi walikuta mbwa wa asili hasa, kizazi cha mbwa walioingia Afrika zamani sana, wala si mabaki ya mbwa wa kizungu waliochanganyika ovyo. Katikati ya Namibia hali ilikuwa tofauti. Huko damu ya mbwa wa kigeni ilikuwa imeingia sana. Kwa hiyo mbwa wa kienyeji wa kijiji cha Uganda, ambaye sisi humwita koko kana kwamba ni makapi ya aina nyingine, anaweza kuwa si mchanganyiko kabisa. Ukiuliza ana asilimia ngapi za Shepadi na ngapi za Labrado, umeuliza swali ambalo jibu lake ni sifuri na sifuri. Mgongo wake mweusi na miguu yake ya rangi ya udongo ni mchoro wa zamani ambao Rotiwaila, Doberimani na mbwa wengi wa kuwinda wanao pia.

Ndiyo maana ninapoletewa picha, swali langu la kwanza huwa ni mbwa alizaliwa wapi, na karibu naye kulikuwa na mbwa gani. Kijiji ambacho hakuna aliyewahi kufuga Shepadi hakitoi chotara wa Shepadi, hata masikio yaseme nini. Mtaa wa mji wenye nyumba za walinzi na mbwa wa kizungu kila ua, habari ni nyingine. Swali la pili ni kama kuna picha ya mama na ya ndugu wa uzao huo. Picha moja ya mama ina thamani kuliko picha kumi za mtoto, na ndugu watano waliopangwa mstari huonyesha jeni zilizojificha ambazo mmoja peke yake hawezi kuzionyesha. Hapo pia inabidi tahadhari, kwa kuwa jike anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja katika joto moja, na uzao mmoja ukawa na baba wawili.

Ikiwa lazima kukadiria kwa picha, basi ipigwe ubavuni, mbwa amesimama kwenye ardhi tambarare, kamera ikiwa kimo cha bega lake na umbali wa mita tatu hivi, na pembeni pawe na kitu ambacho urefu wake unajulikana, kwa mfano ndoo ya lita 20. Mbwa awe amemaliza kukua. Kisha ondoa rangi pichani uone umbo tupu, na ukitazame kiunzi: miguu ni mirefu kiasi gani ukilinganisha na kina cha kifua, mdomo ni mrefu kiasi gani ukilinganisha na fuvu, kipaji kinashukaje kufikia mdomo, mkia umeanzia wapi. Mambo hayo nayo yana jeni zenye nguvu kubwa, hasa fuvu, ila ukiyachukua pamoja yanakupa maelezo mengi zaidi kuliko vazi.

Zipo alama chache za mwilini zinazosema jambo la hakika zaidi, nazo ni zile adimu. Miguu mifupi iliyopinda kwenye kiwiliwili cha kawaida, kama ya Dakshundi, hutokana na nakala ya ziada ya jeni FGF4, ambayo aina za mbwa wafupi zimerithi kutoka kwa asili moja. Mstari wa nywele zinazoota kinyume mgongoni nao una chanzo chake, na mbali na Rijibaki hupatikana kwa mbwa wachache sana, kama wale wa Thailandi. Ukiona alama hiyo, unaweza kusema kwamba mahali fulani nyuma kulikuwa na mzazi wa namna hiyo. Lakini mstari huo wa mgongoni huhitaji nakala moja tu ili uonekane, kwa hiyo kitukuu mwenye moja ya nane ya Rijibaki anaweza kuwa nao sawa na koosafu. Alama inathibitisha kuwapo kwa babu. Kiasi chake haikijui, kwa kuwa kiasi kimetawanyika katika kromosomu zote, na sehemu kubwa ya kromosomu haina sura.

Kiasi hupatikana kwa kipimo cha vinasaba, kwa kusugua pamba shavuni mwa mbwa na kuipeleka maabara. Hapo mbwa husomwa kwenye maelfu ya vituo vya urithi wake, na kila kipande hulinganishwa na hazina ya mbwa wanaojulikana. Kipimo hicho nacho kina mpaka, na mpaka huo unatugusa sisi hasa. Hakiwezi kutaja mbwa ambaye hayumo katika hazina yake. Maabara isiyo na mbwa wa vijijini wa Afrika, ikipelekewa mate ya mbwa wa kienyeji, italazimika kumpa jirani wa karibu kwa kila kipande: Basenji kidogo, kisha orodha ndefu ya mbwa wa Asia na Ulaya wasiohusiana, kila mmoja kwa asilimia chache. Jibu la namna hiyo lisisomwe kama ukoo wa mbwa. Kabla ya kulipia, uliza kama hazina yao ina mbwa wa vijijini, na kama wamo wa Afrika. Wakisema wamo, jibu linaweza kuwa fupi sana: mbwa wa kijijini, Afrika, asilimia mia.